Watu sita kwenye futari moja

"Tamthilia yangu ina onyesho la futari, watu sita wanaongea. Kila anayesoma muswada anawachanganya. Nifanyeje?"

Usiwaketishe wote kwa mpigo. Anza na mama na binti wakipanga sahani, wakibishana kuhusu shamba la babu kuuzwa. Wengine waingie mmoja mmoja, kila mtu ajibu hoja hiyohiyo kwa shida yake. Mjomba: "Bei gani?" Shangazi: "Kuleni kwanza." Tayari tunawajua.

Anayenyamaza mpe kazi ya mikono, mathalani kumenya chungwa, la sivyo hadhira itamsahau. Na majina, jamani! Asha, Aisha na Amina mkeka mmoja ni balaa.

Ukimaliza, funika majina usome mistari mitupu. Usipomtambua msemaji, andika upya mstari huo, au mpe mwingine.