Baada ya tiki, shuka wima

"Nimechora jedwali la fumbo la mantiki na kujaza vidokezo vyote, lakini nimekwama. Nifuate nini?"

Ndugu yangu, nadhani hujamalizia tiki zako. Tuseme Asha, Juma na Salim wako Makadara, kila mmoja na chakula chake: mahamri, kaimati, viazi karai. Asha hakula mahamri: X moja. Juma hakula mahamri wala kaimati: X mbili. Mstari wa Juma umebaki na kisanduku kimoja tu, viazi karai, basi tia tiki. Wengi huishia hapo. Wewe shuka wima kwenye safu ya viazi, Asha na Salim nao wapate X. Sasa Asha kabakiwa na kaimati, Salim mahamri. Na utumie penseli. X ya kubahatisha huharibu jedwali zima.