Ngoja mpaka lini?

*Swali la wiki: Mimi na mchumba wangu tumesomewa nyota. Tumeambiwa Mirihi yake imegongana na Zohali yangu, na eti dadake naye ana shida hiyohiyo na Pluto ya mumewe. Msomaji wetu alisema hizo ni ndoa za hasira na kutawalana. Kuna ukweli hapo, na mtu anajuaje?*

Dada, nimeolewa miaka mingi na mwanamume ambaye Mirihi yake imeigonga Zohali yangu barabara, kwa hiyo nitakujibu kutoka jikoni kwangu, Umoja, Nairobi, si kutoka kitabuni tu. Unajimu nimejifunza mwenyewe, na huwasomea marafiki bila malipo.

Kwanza hakikisha mgongano upo, yaani pembe ngumu kati ya mahali sayari ya Mirihi ilipokuwa yeye alipozaliwa na mahali Zohali ilipokuwa wewe ulipozaliwa. Usikubali kuambiwa tu kwamba yeye ana Mirihi katika Mizani na wewe una Zohali katika Mbuzi. Omba digrii. Kila nyota ina digrii 30, na kutoka Mizani hadi Mbuzi ni nyota tatu, yaani digrii 90, ile pembe tunayoiita ngumu. Lakini Mirihi ikiwa digrii ya 2 ya Mizani na Zohali ikiwa digrii ya 28 ya Mbuzi, hesabu inakuja 116. Hapo wamekaribia 120, ambayo ni pembe ya maelewano! Majina ya nyota ni yaleyale, maana imegeuka. Mimi nikiona tofauti imepita digrii 3 kutoka 90, au kutoka 180 ambayo nayo ni ngumu, naanza kulegeza maneno. Wengine hufika 5 au 6, ila ukipanua hivyo kila ndoa hapa mtaani utaipata na hatia.

Saa ya kuzaliwa isikusumbue kwa jambo hili. Mume wangu alisomewa mara ya kwanza na kijana aliyeambiwa na mama mkwe kwamba mtoto alizaliwa "saa nne asubuhi", naye akaandika 4:00 kwenye kompyuta badala ya 10:00. Saa sita zikapotea. Nyota iliyokuwa inachomoza ikawa nyingine kabisa, nyumba zote zikahama, na kijana akatutabiria mambo ya ajabu. Lakini Mirihi kwa siku nzima husogea chini ya digrii moja, Zohali husogea pole kuliko hiyo, na Pluto ni kama imekaa. Tarehe na mwaka vinatosha.

Sasa sisi. Yeye alizaliwa wiki ya pili ya Novemba 1987, Mirihi ikiwa digrii ya 22 ya Mizani. Mimi ni wa mwishoni mwa Novemba 1990, Zohali ikiwa digrii ya 22 ya Mbuzi. Tofauti ni 90 kamili.

Msomaji wako amesema hasira, lakini hakusema ya nani, na hapo ndipo penye utamu. Wanajimu wa kale, Ptolemaio wa Aleksandria akiwemo katika karne ya 2, waliiona Mirihi kuwa joto kavu na Zohali kuwa baridi kavu. Mirihi ni ile nguvu ya mtu kuamka na kusema "nakwenda". Zohali ni mpaka, hesabu, hofu ya kukosa. Zikikutana kwa pembe ngumu, mwenye Mirihi anakanyaga mafuta na mwenye Zohali anakanyaga breki, kwa wakati mmoja, kwenye gari moja. Mtu wa nje humwona anayepiga kelele, akamwita mkali. Hamwoni anayeshika breki, kwa sababu breki haina sauti.

Kwetu breki ni mimi. Natunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi, na nyumbani pia mimi ndiye ninayeandika kila shilingi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza milango na madirisha ya chuma. Tangu 2017 alitaka kununua mashine yake na kukodi kibanda karibu na soko la Mutindwa, aache kufanya kazi ya vibarua kwa mwingine. Alihitaji kama shilingi 120,000. Kila alipoleta habari hiyo nilimjibu neno moja: ngoja. Sikukataa, na hilo nililitumia kama ngao. "Nimekukataza wapi? Nimesema ngoja." Tungoje karo ilipwe. Tungoje chama kigawe. Tungoje uchaguzi upite, na mwaka ule uchaguzi ulirudiwa, nikapata sababu mara mbili.

Ona pia ni Mirihi ya aina gani. Katika Mizani Mirihi haina makali yake. Iko nyumbani kwa Zuhura, inapenda kuelewana, inauliza kabla ya kutenda. Zohali katika Mbuzi iko kwake, imekaa kitini. Kwa hiyo kwetu mwenye nguvu alikuwa mwenye breki, na hasira ikawa ya baridi. Hakugombana nami. Alikawia kurudi, alisahau vitu nilivyomwagiza, alinijibu "sawa" ambayo si sawa. Kama Mirihi yake ingekuwa katika Kondoo, pembe ingebaki digrii 90 lakini ningevunjiwa vyombo mapema. Watu wawili wenye "mgongano uleule" wanaweza kuishi nyumba zisizofanana kabisa, na msomaji asiyekuuliza nyota zenyewe anakukadiria tu.

Januari 2020 Zohali na Pluto zilikutana angani kwenye digrii ya 22 ya Mbuzi. Yaani juu ya Zohali yangu hasa, nami nikiwa na miaka 29, umri ambao Zohali humrudia kila mtu mahali ilipokuwa alipozaliwa. Na kwa Mirihi ya mume wangu, 90 kamili. Mwezi huohuo niliona ujumbe wa M-Pesa: ametoa shilingi 40,000 kwenye akiba yetu, ameweka amana ya mashine bila kuniambia. Sikupiga kelele. Nilibadilisha namba ya siri ya akaunti. Baba mzima akawa ananiomba nauli ya matatu. Siku tisa hatukusemezana.

Kisha Machi. Mirihi yenyewe ikapita digrii ya 22 ya Mbuzi karibu na tarehe 20, shule zimefungwa, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mtu aliyezoea kupoza hasira kwa kuchelewa kurudi sasa yumo ndani, vyumba viwili, na mimi na daftari langu. Siku moja alilipuka hata majirani wa ploti wakatoka milangoni. Alilosema lilikuwa fupi: "Ngoja mpaka lini? Nitajie tarehe!"

Sikuwa na tarehe. Miaka mitatu nilikuwa nasema ngoja na sikuwahi kujiuliza mpaka lini.

Najua utasema Nairobi nzima ilikuwa inagombana mwezi ule, na hakuna aliyehitaji Zohali ya Mbuzi ili agombane na mumewe kwenye kafyu. Ni kweli, na chati hii niliichora mwaka uliofuata, mambo yakiwa yamekwisha. Kuona baada ya tukio ni rahisi. Sidai nyota zilitoa zile 40,000. Chati ilinisaidia jambo moja: nilikuwa nimejihesabu kuwa mvumilivu wa mtu mwenye hasira, na pale nikajiona nimeshika breki.

Kuna kitu kingine msomaji wako angepaswa kukitazama. Katika unajimu wa kale kila sayari ina nyota inayoiheshimu. Zohali hutukuka katika Mizani, Mirihi hutukuka katika Mbuzi. Sasa tazama sisi: Mirihi yake imekaa katika nyota inayoitukuza Zohali, na Zohali yangu imekaa katika nyota inayoitukuza Mirihi. Ni kama wageni wawili wagomvi, lakini kila mmoja amekalia kiti cha heshima cha mwenzake. Wazee wa fani walisema pembe ngumu ya namna hiyo ina mlango wa kupatana. Mwenye Mirihi katika Mizani akiwa na mwenye Zohali katika Saratani hana mlango huo, maana Saratani ni mahali pabaya kwa zote mbili: Zohali iko ugenini, na Mirihi ikifika huko huanguka. Hapo ningekuwa mkali zaidi katika ushauri wangu.

Wifi yako na Pluto yake ni habari nyingine. Pluto iligunduliwa 1930, wazee hawakuwa nayo, na huzunguka jua kwa miaka kama 248. Wote waliozaliwa karibu na 1990 wana Pluto katikati ya Nge, wakiwa wamepishana digrii chache. Ikiwa wifi yako ana Mirihi katikati ya Simba, basi inagongana na Pluto ya mumewe, ya wanadarasa wote wa mumewe, na ya kondakta aliyewabeba kwenda harusini. Hata akimwacha huyu akapata rika lake, atakuta pembe ileile. Ndiyo maana mimi siipi uzito peke yake. Naanza kusikiliza tu kama Pluto ya mwanamume imekaa pia pamoja na Jua au Mwezi wake. Zohali husogea kama digrii 12 kwa mwaka, kwa hiyo mgongano wake unakuhusu wewe zaidi.

Na tofauti yake nyumbani ni hii: Zohali inakwambia usifanye, Pluto inataka kujua ulichofikiria kufanya. Simu inakaguliwa, namba ya siri inadaiwa, marafiki wanapunguzwa mmoja mmoja. Akiyaona hayo, wifi yako asingoje sayari ipite. Sheria ya 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu hata kubanwa kwa fedha na kuteswa moyo, na namba 1195 hupigwa bure. Nikikumbuka ile nauli ya matatu, naona aibu, maana kwa mwezi mmoja nilikuwa huko.

Kwetu tulimaliza kwa daftari, kifaa cha Zohali. Aprili 2020 tuliandika kiasi ambacho kila mmoja hahitaji kumuuliza mwenzake, shilingi 5,000, na tukaandika kwamba "ngoja" yoyote lazima iandikiwe tarehe. Mashine ikapewa tarehe yake: Februari 2021. Kazi zilikuwa chache, tukachelewa hadi Aprili, lakini sababu ya kuchelewa ilikuwa imeandikwa na yeye mwenyewe alikuwa ameitia sahihi. Kibanda kipo. Breki bado ninayo. Juzi amekuja na habari ya kununua pikipiki ya kubebea vyuma, na kabla sijafungua mdomo amenisogezea kalenda.