APS anayeota visa vya wengine

Swali: Jambo mama. Mimi ni APS, msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, hapa Bukavu, nahudumia wamama waliobakwa. Tangu miezi michache naota yale wanayonisimulia, na nikipishana na mwenye silaha njiani natetemeka, ingawa mimi sijapatwa na kitu. Nirudi shule nisome saikolojia ili nivumilie, ao kazi hii si yangu?

Jibu: Dada yangu, huu si uchovu wa kazi. Aliyechoka huanza kuona kila mama kama mzigo, na mapumziko humrudishia nguvu. Wewe bado unawajali, lakini mambo yaliyowapata wao yamekuingia, na mwili wako unaogopa kana kwamba uliyaona. Ni kiwewe cha msikilizaji, na likizo peke yake haikiondoi.

Shule nayo haitakukinga. Katika mfumo wa LMD wa chuo kikuu, lisansi ni miaka 3 na masta miaka 2, pamoja na staji. Ukimaliza utakabidhiwa wagonjwa wazito kuliko wa sasa. Soma kama unaipenda kazi hiyo, lakini usisome kwa kukimbia ndoto.

Mimi ningeanza na namna unavyouliza. Tuseme mama amefika asubuhi, alishambuliwa shambani juzi. Lazima ujue ni lini, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinaanzwa kabla ya saa 72 kupita, na za kuzuia mimba kabla ya saa 120. Ujue kama anavuja damu, na kama leo atalala mahali salama. Walikuwa wangapi, walimfanyia nini kwanza, hayo huyahitaji. Daktari atauliza yanayohusu uchunguzi wake. Mama akitaka kusimulia mwenyewe, msikilize, ila usimchimbe.

Najua wengi wetu tunaamini hawezi kupona asipotoa yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa vijijini huku kwetu mashariki ya Kongo, unaonyesha vingine. APS wasio na masomo ya chuo kikuu waliongoza vikundi vya wamama kwa vikao 11, bila kudai wasimulie tukio. Walishughulika na mawazo yanayobaki nyuma yake, kama «ni kosa langu». Miezi 6 baadaye, 9 kwa mia walikuwa bado na dalili za huzuni nzito ao wasiwasi. Kati ya waliosaidiwa mmoja mmoja, walikuwa 42 kwa mia.

Lakini APS hao walikuwa na wasimamizi waliofuatilia kazi yao bila kuwaacha. Hilo ndilo linalokosekana mahali pengi: msimamizi anauliza hesabu ya dosiye kwa ajili ya ripoti, haulizi kisa gani kimekukaba. Dai saa moja kila juma ya kuzungumzia kisa kimoja tu, na aliyesomea kazi hii.

Na kwa kuwa imekwisha kupita miezi, nenda SOSAME, kituo cha afya ya akili hapo Bukavu, juma hili, uandikishwe kama mgonjwa. Hadi wakuone, omba dosiye mpya za ubakaji zipewe mwenzako, nawe ubaki na wamama ambao umekwisha kuwaanza.