Risiti ya tabo mpya ndiyo iliyoniponza

Prado yangu ya kwanza niliinunua kwa kuamini karatasi moja. Ilikuwa ya mwaka 2006, injini ya 1KD, ile dizeli ya D-4D lita 3.0 inayofungwa pia kwenye Hilux. Muuzaji alinipa risiti ya tabo akasema, "Kaka, nimefunga mpya mwezi uliopita, hapo huna presha." Nikalipa. Miezi mitano baadaye, nikipanda Kitonga, tabo hiyohiyo ikaanza kulia kama filimbi, na nyuma ukatoka moshi wa bluu.

Fundi alipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, alinionyesha strena, kile kichujio cha wavu ambacho pampu huvutia oili. Nusu ya wavu ilikuwa imezibwa na vipande vyeusi vigumu, kama makombo ya mkaa. Akaniuliza, "Aliyefunga tabo hakuangalia huku?" Hakuangalia.

Kwenye 1KD, injekta zimekaa ndani ya kava ya juu ya injini, na kila moja imekalia washa ndogo inayozuia moto wa silinda usipande. Washa ikichoka, gesi na masizi hupenya hadi ndani ya kava na kuchanganyika na oili. Oili inaungua, inageuka lami, lami inakauka na kumeguka, vipande vinaanguka kwenye sampu na kunasa kwenye strena. Presha ya oili inashuka. Tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, kwa hiyo mara nyingi ndiyo inayoanza kulalamika. Zikifuata beringi za konrodi, hapo unazungumzia injini nyingine.

Ndiyo maana siku hizi risiti ya tabo peke yake inanitia wasiwasi. Nauliza: ya kwanza ilikufa kwa nini? Karatasi inayonituliza ni ya washa za injekta, yenye tarehe na kilomita, na pembeni yake kazi ya kufungua sampu na kusafisha strena. Picha ya strena kwenye simu ya mwenye gari naipa uzito kuliko kitabu cha sevisi kilichogongwa mihuri yote kwa wino mmoja. Kama injekta zilibadilishwa, naomba kujua kama namba zake za fidia ziliingizwa kwenye kompyuta ya gari, maana kila injekta huja na zake. Risiti za oili nazipanga kwa kilomita. Zikifuatana kila 5,000 hivi, vizuri. Pengo la 20,000 katikati siwezi kulifumbia macho, hata kama oili ya leo inang'aa kama asali. Oili mpya siku ya kuuza gari hata mimi naweza kuiweka.

Gari la pili, Prado ya 2008, nililifuata asubuhi na kumwomba mwenyewe asiliwashe kabla sijafika. Nikagusa boneti, ilikuwa baridi. Lilipowaka, taa ya oili ilizima papo hapo. Ingechelewa sekunde kadhaa ningeondoka, maana hiyo ni dalili ya strena kuziba. Sikusikia kugonga kwa injekta. Injini ilipopata moto nililegeza kifuniko cha oili na kukiacha juu ya tundu lake. Kilitikisika kidogo, na hiyo ni kawaida ya dizeli. Kikiruka na kupumua moshi kwa mapigo, kuna washa au ringi zinazovujisha. Chini ya kifuniko nilikwaruza kwa ukucha: oili laini, hakuna gamba la lami.

Kisha fundi akaunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari na kufungua data za injekta gari likiwa silensa, injini ikiwa na moto. Hizi ndizo tulizosoma:

```
Injection Feedback Val #1   -0.9
Injection Feedback Val #2   -1.4
Injection Feedback Val #3    3.4
Injection Feedback Val #4   -1.1
```

Hicho ni kiasi cha dizeli ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza kwa kila injekta. Inatakiwa kila moja ibaki kati ya -3.0 na 3.0, kwa hiyo injekta ya tatu ilikuwa imechoka. Usomaji huu hauonyeshi washa inayovuja, na hautakuambia kama pistoni ina ufa, kasoro nyingine ambayo injini hizi zinajulikana nayo injekta zikimwaga dizeli vibaya kwa muda mrefu. Kwa hiyo tulimwaga oili kidogo kidogo hadi lita zote kama 7, tukapitisha kamera nyembamba ya simu kwenye tundu la sampu. Wavu ulikuwa safi, vishimo vyake vinahesabika. Mwenye gari alinuna kuhusu oili yake, nikamnunulia nyingine na filta.

Mkanda wa taiming ulikuwa na stika ya gereji kwenye kava, na risiti yake ilisema ulibadilishwa kwenye kilomita 148,000. Taa ya mkanda huwaka kwenye 150,000, lakini mtu anaweza kuizima bila kubadilisha chochote, kwa hiyo nilitaka risiti.

Tulikata bei ya injekta moja na washa zote nne kwenye bei ya gari, tukapeana mikono palepale uani kwake.