Kabla hujaandika "Bruce Lee" chini ya ile picha, soma hapa

Mimi kazi yangu ni kudizaini mabango na tisheti za movi za zamani, na wateja wangu karibu wote wanaleta skrinshoti wamezitoa wenyewe kwenye simu, wanataka sura ya stelingi na jina lake chini kwa herufi kubwa. Sasa hakuna movi inayonipa kazi ya kukagua kama Game of Death ya mwaka 1978, manake watu wanakuja na picha ya jamaa mwenye miwani mikubwa myeusi wanakwambia bro huyu ni Bruce, niwekee Bruce. Siyo Bruce. Na ukishaprinti tisheti 20 ndo atatokea mdau mmoja mjuaji akuulize huyu nani.

Tuanze na movi yenyewe ilivyotengenezwa. Bruce Lee alipiga vipande vya mapigano ya kwenye mnara mwaka 1972, akaiacha kwanza aende kufanya Enter the Dragon, halafu Julai 20, 1973 akafariki Hong Kong. Movi ikabaki vipande tu. Miaka kadhaa baadaye kampuni ya Golden Harvest ikamleta dairekta Robert Clouse, wakatunga stori mpya kabisa, stelingi anaitwa Billy Lo, wakatafuta watu wa kuvaa nafasi ya marehemu. Aliyebeba mzigo mkubwa ni Mkorea anaitwa Kim Tai-chung, mtu wa taekwondo, na zile sarakasi za kujirusha na kubinuka akapewa Yuen Biao. Kwa hiyo ukihesabu Bruce mwenyewe wa zile picha za mnarani unapata kama dakika 11 hivi, tena ziko mwishoni. Kwingine kote ni mbadala, au ni vipande vya Bruce vilivyonyofolewa kwenye movi zake nyingine.

Ndo maana kitu cha kwanza ninachomuuliza mteja siyo "huyu nani", ni "umeitoa dakika ya ngapi". Ukijua sehemu, nusu ya kazi imeisha. Pale mwanzo anapigana na Chuck Norris ni Bruce kweli, ila hicho ni kipande cha The Way of the Dragon ya 1972. Pale anaporuka hewani kabla ya kupigwa risasi ni Bruce kweli pia, hiyo imetoka mwisho wa Fist of Fury. Baada ya risasi stori inasema kaharibika uso akafanyiwa opereshini, na kuanzia hapo unaona ndevu za bandia, miwani, na mgongo mwiiingi. Kiukweli huo ujanja wa stori uliwekwa ili tusimwone jamaa vizuri, na ukishaujua utacheka kila ukiiona ile miwani.

Watu wengi wanajitetea na ile suti ya njano yenye mistari myeusi. Bro kavaa suti, atakuwa nani mwingine? Hapana, suti haithibitishi kitu, mbadala naye kavaa suti hiyohiyo kwenye mapigano ya ghalani na wale wa pikipiki. Ukitaka Bruce na suti yake chukua pale anapozungusha nunchaku na Dan Inosanto, au pale yuko na Kareem Abdul-Jabbar, yule mchezaji wa basketi wa mita 2.18, ile alama ya soli kifuani. Hata humo mnarani usichukue fremu yoyote tu, kuna vipande vya kuunganishia vimepigwa baadaye, kama umeshika fremu ambayo uso hauonekani kabisa na hakuna mpinzani pembeni, itilie shaka.

Sasa ile fremu ambayo inawapiga chenga hata watu makini ni ya kwenye kioo. Billy amekaa chumba cha kubadilishia nguo mbele ya kioo, sisi tuko nyuma yake, na kwenye kioo unaona uso wa Bruce wazi kabisa unakuangalia. Yaani ukiitoa hiyo skrinshoti utaapa. Kumbe ni picha ya uso wa Bruce imekatwa ikabandikwa kwenye kioo, mahali pale ambapo uso wa mbadala ungeonekana! Kwenye skrinshoti moja ni rahisi kukupita. Fungua movi kwenye VLC, sitisha hapo, halafu bonyeza herufi E, kila ukibonyeza inasogea fremu moja. Angalia mabega na kichwa cha aliyekaa, vinasogea kidogo, lakini uso wa kwenye kioo umeganda palepale, hafumbi jicho, shingo haigeuki. Halafu fuata ukingo wa kidevu pale unapokutana na shingo, kuna mstari wa mkasi na mwanga wa usoni haufanani na wa mwilini. Ukishauona mara moja huwezi tena kutouona.

Hiyo E ndo dawa ya karibu kila kitu kwenye movi hii, kwa sababu staili yao ni kumwonyesha mbadala kwa mgongo au kwa mbali, halafu ghafla wanakata kwenda kwenye uso wa Bruce wa movi nyingine, halafu wanarudi kwa mbadala. Nenda fremu chache mbele na nyuma ya uliyonayo. Kama uso ni wa Bruce lakini ukuta wa nyuma umebadilika rangi, au kola ya shati siyo ileile, au picha imekuwa na chengachenga zaidi kuliko sekunde iliyopita, basi uso ni wake ila tukio siyo lake.

Pale ambapo sura inaonekana nusu, mimi naenda kwenye sikio. Miwani inafunika macho, ndevu zinafunika kidevu, nywele zinachanwa zifanane, lakini sikio wanalisahau. Tafuta picha ya Bruce ya upande uleule ulinganishe ncha ya chini ya sikio na taya. Na ukitaka sura ya Kim bila miwani ya kumficha, tazama No Retreat, No Surrender ya 1986, ile Van Damme ni adui, Kim ndo yule anayecheza mzimu wa Bruce Lee anayemfundisha dogo. Kaa nayo kidogo, ukirudi Game of Death utamtambua hata akiwa gizani.

Kumtenganisha Kim na Yuen Biao kwenye picha ya mgongo ni ngumu zaidi, hapo usijitie ujuaji. Kubinuka hewani kwa kawaida ni Yuen Biao, teke la juu mara nyingi ni Kim, ila kuna mbadala wengine pia walitumika, kwa hiyo teke peke yake halitoshi kuandika jina la mtu.

Kuna skrinshoti moja siprinti hata mteja akiongeza hela, ni ya jenezani. Walitumia picha za msiba halisi wa Bruce wa 1973, na ule uso siyo wa mbadala.

Kwenye kapsheni mimi naandika hivi: kama ni Bruce naweka jina lake na movi ambayo kipande kimetoka, mfano "Bruce Lee, Fist of Fury, 1972", hata kama umeitoa kwenye Game of Death. Kama ni mbadala ninayemjua naweka "Billy Lo, amechezwa hapa na Kim Tai-chung". Nisipomjua naandika "Billy Lo" basi, hilo ni jina la mhusika na liko sahihi yeyote awe ndani ya ile miwani. Mteja akikataa anataka Bruce lazima, namfungulia pale kwa Kareem achague fremu.