Nilidhani nawadai, kumbe nilikuwa nadaiwa 9,050

Juzi msomaji mmoja wa Kayole ameniandikia. Wanaishi ndugu watatu nyumba moja, mmoja analipa kodi, mwingine analisha nyumba, wa tatu "anasaidia hapa na pale", na kila mwisho wa mwezi ni kununiana. Ameuliza, "Dada, nani anamdai nani?" Nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu swali hilo nililiuliza mwenyewe, kwa sauti ya juu, mbele ya watu, na jibu likanirudia usoni.

Tulikuwa wanne Donholm, nyumba ya vyumba viwili, kodi 24,000. Mimi nilikuwa na chumba kikubwa peke yangu, kile chenye bafu ndani. Mwende, binti ya mama mdogo, alilala chumba cha pili na Atieno, rafiki yake wa kazini. Kioko, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa chuoni, alilala kwenye kochi sebuleni. Mwezi huo wa Juni tulipatana kwamba Mwende na Atieno wamalizane na mwenye nyumba, nami "nishike nyumba", yaani chakula, gesi na tokeni.

Sasa, anayeshika nyumba huumia kila siku. Kodi hutoka mara moja ukasahau, lakini mama mboga unamlipa jioni, unga unaisha Jumanne, mafuta yanaisha Alhamisi, na stima inazima ukiwa na sabuni kichwani. Kufikia mwisho wa mwezi nilijiona mfadhili. Nilijumlisha: chakula 10,200, mtungi wa gesi wa kilo 13 ukajazwa kwa 3,000, tokeni 1,800. Jumla 15,000. Nikagawanya kwa wanne, nikapata 3,750, nikaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba kila mtu anirudishie 3,750 kabla ya Ijumaa.

Mwende hakubishana. Alituma 4,000 na ujumbe, "250 ni ya nauli, dada." Atieno ndiye aliyekataa. Alisema yeye na Mwende wamebeba kodi yote, na kwamba mimi ni keshia wa mifuko ya wenzangu. Neno hilo lilinikaa. Mimi ninafanya kazi ya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Industrial Area! Nikaapa nitamwonyesha kwa karatasi.

Nilimwonyesha, lakini si nilichotaka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kugawanya vitu nilivyolipia mimi peke yangu, kana kwamba vya wengine havimo. Huwezi kujua nani anamdai nani kwa kutazama risiti zako. Unahitaji namba mbili kwa kila mtu: alichotoa mfukoni mwezi mzima, na fungu lake, yaani gharama iliyomhusu hata kama hakuilipia. Ukitoa fungu kwenye alichotoa, unapata salio. Likiwa juu ya sifuri, anadai. Likiwa chini, anadaiwa. Watu wengi wanajua namba ya kwanza tu, na ndiyo maana kila mtu nyumbani anaamini anadai.

Basi nikaanza upya, Jumapili, mezani, sote wanne. Tulitoa taarifa ya M-Pesa ya mwezi mzima badala ya kutegemea kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu ya pesa humpendelea mwenyewe. Kodi: Mwende 14,000, Atieno 10,000. Waifai 3,000 na maji na takataka 1,000 alilipa Atieno. Mimi 15,000 zangu. Kioko sifuri. Jumla ya nyumba, 43,000.

Kisha mafungu, na hapa ndipo penye maneno, kwa sababu si kila kitu hugawanywa sawa. Kodi tuliigawanya kwa nafasi: mimi mwenye chumba na bafu langu 10,000, Mwende na Atieno 6,000 kila mmoja, Kioko wa kochi 2,000. Nilijaribu kusema 10,000 ni nyingi. Atieno akaniuliza kama tubadilishane chumba. Nikanyamaza.

Tokeni, waifai, maji na takataka tukagawanya sawa, kwa maana taa ya sebuleni huwaka hata kama mmoja hayupo. Hiyo ni 5,800 kwa wanne, 1,450 kila mtu. Chakula na gesi ya kupikia tukavihesabu kwa siku. Atieno alikuwa Kisumu siku kumi mwezi huo, na hangelipia sukuma wiki ambayo hakuila. Sisi watatu siku 30 kila mmoja, yeye 20, jumla siku 110. Ukigawanya 13,200 kwa 110, kila siku ya mtu ni shilingi 120. Kwa hiyo sisi 3,600 kila mmoja, Atieno 2,400. (Mgeni akija, siku zake zinaandikwa kwa aliyemleta. Mama yangu alipokuja Julai, siku zake ziliandikwa kwangu, na sikulalamika. Sana.)

Mafungu yakawa hivi: mimi 15,050, Mwende 11,050, Atieno 9,850, Kioko 7,050. Jumlisha: 43,000, sawasawa na matumizi. Isipolingana hapo usiendelee, kuna mtu umemsahau kwenye kitu fulani.

Nilitabasamu. Nimetoa 15,000, fungu langu ni 15,050, nadaiwa hamsini. Si kudai tena, lakini si aibu. Ndipo Mwende akauliza kwa upole, "Na ile elfu nne niliyokutumia?"

Hili ndilo jambo ambalo nyumba nyingi hulikosea. Pesa inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya nyumba si gharama. Ukiiandika kama gharama, utaigawanya kwa wote na matumizi yatavimba. Ukiiacha kabisa, aliyetuma atalipa mara mbili. Inaandikwa pande mbili: kwa aliyetuma unaongeza, kwa aliyepokea unapunguza. Mwende akapanda hadi 18,000, mimi nikashuka hadi 11,000.

Halafu Kioko, ambaye alikuwa kimya akicheza na simu, akasema, "Na za baba?"

Kila mwezi baba alikuwa akituma 5,000 za matumizi ya Kioko kwenye simu yangu, maana mimi ndiye mkubwa. Zilikuwa zinaingia, zinachanganyika na zangu, nami nanunua nazo unga nikijiona ninavyojitolea. Zile 5,000 ni mchango wa Kioko. Kioko akawa ametoa 5,000, mimi nikashuka tena hadi 6,000. Sikuwa mwizi, nataka hilo lieleweke. Lakini simu moja yenye pesa za watu wawili haina kumbukumbu ya zipi ni za nani, na hilo ningelijua mimi kabla ya mtu yeyote, kwa kazi ninayofanya.

Sasa tazama salio. Mimi 6,000 kutoa 15,050, nadaiwa 9,050. Kioko 5,000 kutoa 7,050, anadaiwa 2,050. Mwende 18,000 kutoa 11,050, anadai 6,950. Atieno 14,000 kutoa 9,850, anadai 4,150. Wanaodaiwa jumla yao 11,100, wanaodai jumla yao 11,100. Pande hizo lazima zilingane kila wakati. Zisipolingana, kwa kawaida ni uhamisho ulioandikwa upande mmoja tu.

Ila usiringe zikilingana. Risiti iliyosahaulika kabisa haivurugi ulinganifu huo: haimo kwenye jumla, haimo kwenye mafungu, na kila kitu kinaonekana safi. Kama Atieno angesahau kutaja waifai, hesabu ingefunga vizuri tu na yeye angeumia. Ndiyo maana kila mtu apitie taarifa yake mwenyewe kabla ya kukubali, na ndiyo maana mafungu yanakubaliwa mwanzo wa mwezi, pesa zikiwa bado hazijatoka. Ukipanga mafungu mwishoni, kila mtu atatetea kanuni inayompendelea. Mimi nilifanya hivyo na chumba changu, na wewe utafanya.

Kulipana sasa ni rahisi, na hapa watu hujichosha bure. Usirudi kwenye risiti moja moja, "wewe nipe robo ya gesi, mimi nikupe robo ya waifai." Mkiwa wanne kuna jozi sita za watu, na kila jozi ikilipana kivyake mtatumiana hata mara sita, mkichangia ada ya kutuma bila sababu. Chukua anayedaiwa zaidi, amlipe anayedai zaidi, mpaka mmoja wao afike sifuri. Kisha rudia kwa waliobaki. Kila malipo humtoa angalau mtu mmoja, na ya mwisho huwatoa wawili, kwa hiyo watu wanne hawahitaji zaidi ya malipo matatu. Kwetu, mimi kwa Mwende 6,950, yeye akatoka. Nilibaki na 2,100, nikampa Atieno. Kioko akampa Atieno 2,050, ambazo baba aliongeza baada ya maelezo marefu kwa simu. Atieno akapata 4,150 zake. Kwisha.

Jambo moja usiliingize humo: dipoziti ya nyumba. Atieno ndiye aliyeilipa tulipohamia, na aliwahi kutaka tuigawanye kama gharama. Si gharama mpaka mwenye nyumba aikate. Inaandikwa kando, kwa jina la aliyeitoa, na anayehama kwanza asidhani ana fungu ndani yake.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kayole, huyo "anayesaidia hapa na pale" usimhukumu bado. Andikeni siku zake za kula, mahali anapolala, na kila alichokutumia wewe kwa simu ukakisahau. Anza na ulichopokea wewe. Niamini, anza na hicho.

Mimi nilituma zile 6,950 usiku uleule, nikiwa nimefunga mlango wa chumba changu cha elfu kumi. Mwende yuko chumba cha pili, nasikia simu yake ikilia ukutani. Baada ya muda akajibu, "Imefika, dada. Umerudisha hadi nauli."