Hisa mpya za kuwapunguza wapinzani: ushauri wa katibu wa kampuni

Nafanya kazi ya ukatibu wa kampuni, na kuna simu moja ambayo kila ikija naweka kalamu chini kwanza. Mwenyekiti anapiga jioni: "Katibu, niandalie azimio la kuongeza mtaji, tulipitishe kesho kutwa." Namuuliza, "Fedha ni za kazi gani, Mzee?" Anasema, "Hiyo tutaipanga. Cha msingi wale wenzetu wasituzidi kura kwenye mkutano mkuu." Swali ambalo jaji angemuuliza ameshalijibu, na jibu ni baya.

Wakurugenzi wengi wanaamini kwamba ikiwa katiba ya kampuni inawaruhusu kutoa hisa, na hakuna anayeingiza hela mfukoni mwake, wako salama. Sivyo. Kenya, kifungu cha 142 cha Sheria ya Kampuni ya 2015 kinamtaka mkurugenzi afuate katiba ya kampuni, kisha kinaongeza sharti la pili: atumie mamlaka kwa madhumuni yale tu aliyopewa mamlaka hayo. Hilo la pili ndilo linalowaangusha watu.

Mwenyekiti wa namna hiyo huwa namsimulia yaliyoipata kampuni ya R.W. Miller ya Australia mwaka 1972. Kampuni mbili, Ampol na Bulkships, kwa pamoja walikuwa na asilimia 55 ya hisa zake. Ampol alitaka kununua hisa zilizobaki kwa dola 2.27 kila moja. Kampuni nyingine, Howard Smith, akaja na dola 2.50, lakini wale wawili wakatangaza kwamba wanashirikiana na hawamuuzii mtu. Bodi ilimpenda zaidi Howard Smith. Ikamtolea hisa mpya milioni 4.5 kwa dola 2.30, jumla zaidi ya dola milioni 10, ikisema fedha zinahitajika kumalizia meli mbili za mafuta.

Fuateni hesabu. Kampuni ilikuwa na hisa karibu milioni 9, sasa zikawa kama milioni 13.5. Ampol na Bulkships hawakuuza hata hisa moja, ila asilimia 55 yao ikashuka hadi 36.6. Waliingia wakiwa wengi, wakatoka wachache.

Kesi ilifika Baraza la Faragha mjini London, mahakama iliyosikiliza rufaa kutoka Australia wakati huo, mwaka 1974. Uhitaji wa fedha ulikuwepo kweli, meli zilikuwepo, na wakurugenzi hawakuonekana kutafuta faida yao binafsi. Bado hisa zile zilifutwa. Mahakama ilisema inaruhusiwa kupima uhitaji wenyewe ulikuwa mkubwa na wa haraka kiasi gani, ili ijue lengo kuu lilikuwa lipi. Lengo kuu, ilionekana, ni kuvunja wingi wa wale wawili. Kuamua nani awe na wingi ni kazi ya wanahisa. Bodi imepewa mamlaka ya kutoa hisa kama chombo cha kuendeshea kampuni, haikupewa ili ijichagulie wenye kampuni.

Kwa hiyo kabla sijaandika azimio naomba kuona mambo yaliyotangulia ugomvi. Je, bodi ilishawahi kuzungumzia upungufu huu wa fedha? Benki iliulizwa? Kiasi kinachotafutwa kinalingana na ankara zilizopo, au kinalingana na asilimia inayotakiwa kushushwa? Hili la mwisho huwafichua wengi, maana hisa hupigiwa hesabu kuanzia kwenye kura kurudi nyuma. Na muhtasari ulioremba sababu hauokoi kitu ikiwa ujumbe wa simu wa wiki ileile unasema "tuwamalize."

Kama shida ni fedha kweli, wapeni wanahisa wote nafasi ya kununua kwa uwiano wa hisa walizonazo. Fedha zitakuja na mizani haitavurugika. Hata hivyo msiitumie njia hiyo kwa hila: mkichagua wakati mnaojua kambi ya pili haina uwezo wa kulipa, mnaweza kushtakiwa vilevile.

Na wewe uliyepunguzwa, usikae unalalamika kwenye harusi na misiba. Omba nakala ya rejista ya wanahisa, mwandikie katibu barua ya kupinga, na umwone wakili aombe zuio kabla hisa hazijauzwa kwa mtu wa tatu asiyejua lolote. Zikishafika huko, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Kuna njia moja ya kunusuru jambo. Katika Hogg dhidi ya Cramphorn, Uingereza, bodi iliyotoa hisa ili kuzuia kampuni isinunuliwe ilipata nafasi ya kulipeleka suala mkutano mkuu uliidhinishe. Jaji aliweka sharti: hisa zile mpya zisipige kura. Mwenyekiti akiniambia wanahisa wote wanamuunga mkono, hiyo ndiyo barua ya mwaliko ninayomwandikia badala ya azimio.